Ukinionyesha Gede Yote kwa Pamoja, Umenidanganya

Wadau, kama uliwahi kwenda Gede na shule, ule mchoro wa mji unaujua. Ukuta wa nje, ukuta wa ndani, msikiti mkuu, jumba la mtawala, makaburi, visima, nyumba kibao. Unauangalia dakika moja, unasema "sawa", halafu unaenda kuwatafuta nyani. Hakuna mstari uliokosewa pale. Lakini nasema hivi na nitalitetea: ukiumwaga mchoro ule wote mbele ya watu kwa mpigo mmoja, unawadanganya. Manake mistari ile haikuchorwa ardhini siku moja. Imepishana miaka mia na zaidi, na jicho halina njia ya kujua hivyo.

Hili nimelijua kwa kuaibika. Mwaka jana niliombwa niwape vijana wa hapa Kisumu Ndogo na mitaa ya jirani somo fupi la historia ya Malindi, na nikachagua Gede kwa sababu iko karibu, kilomita 16 hivi kusini mwetu, na kila mtu anadhani anaijua. Nikajitengenezea slaidi moja. Najua kutengeneza vidio, kwa hivyo nikaona nitawaonyesha maajabu. Msikiti uliingia ukipaa kutoka kushoto. Jumba likadunda mara mbili ndio likatulia. Kila nyumba ilikuja kivyake ikizunguka. Nilihesabu baadaye: ilikuwa ni kubonyeza mara 31 kwenye slaidi moja.

Kufika kwa kumi na moja hivi nilikuwa nimepotea. Nataja kisima, inaingia nyumba. Nataja nyumba, kinaingia kisima. Watoto wa mbele wakaanza kubahatisha kwa sauti kitakachoruka kifuatacho, na mmoja akawa anashinda kila mara. Walifurahi kweli, sitaki kuwasingizia. Lakini mwisho niliwapa karatasi tupu nikawaambia, "Hebu nichorieni Gede, halafu mniambie kulitokea nini." Karibu wote walichora duara ndani ya duara kama shabaha ya kurushia mishale, na wakaandika kwamba watu wa Gede walijenga kuta mbili ili adui akivuka wa kwanza akutane na wa pili.

Sasa hilo ndilo kosa lenyewe. Kadiri tunavyojua, kuta zile hazikujengwa pamoja. Ukuta wa nje, ule wa futi 9 uliozunguka ekari 45 hivi, ni wa karne ya 15, wakati mji umeshiba. Ukuta wa ndani ni wa karne ya 16, wakati Wareno wako pwani na mambo yameshabadilika. Mtu aliyechora shabaha amekosa karne nzima. Na hakukosa kwa ujinga, mimi ndiye niliyempa mistari yote ikiwa na rangi moja.

Tuelewane mchoro wenyewe ulitoka wapi, kwa sababu jibu la shida yangu nililipata huko huko. Gede iliwekwa kwenye ulinzi wa serikali kama mnara wa kihistoria mwaka 1927, lakini uchimbaji mkubwa ulianza 1948, James Kirkman alipowekwa kuwa msimamizi wa kwanza wa pale. Alichimba mpaka 1958. Tarehe za mji ilibidi zitoke ardhini, kwa sababu Wareno waliokaa hapa Malindi kwa miaka mingi hawakuiandika Gede kwenye kumbukumbu zao. Ndio maana nyumba za pale zina majina ya vitu vilivyookotwa ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma.

Mchimbaji anasoma shimo kama mtu anayesoma kitabu kuanzia ukurasa wa mwisho. Tabaka la juu ni la mwisho kuwekwa, la chini ndilo la kwanza. Akitaka kujua umri wa ukuta, anaangalia msingi wake umekata tabaka gani na umefunikwa na tabaka gani. Uliokata ni mkubwa kuliko ukuta, uliofunika ni mdogo kuliko ukuta. Kisha anatazama vigae vilivyomo katika kila tabaka, vile vya kauri za Uchina na vyombo vya Waislamu vya kung'aa, kwa sababu vile vinajulikana vilitengenezwa lini. Na kwa kuwa shimo ukishalichimba huwezi kulirudisha, kila tabaka lazima lichorwe kabla ya kuondolewa.

Unaona ninakoelekea? Matabaka yalikuwepo tangu mwanzo. Mchoro ule wa mji mzima ni matabaka yote yaliyolaliana yakawa karatasi moja, ili ukae vizuri kwenye kitabu. Kazi yangu mimi msimuliaji ilikuwa kuyatenganisha tena na kuyaweka moja moja, safari hii kuanzia chini kwenda juu. Mimi badala yake nilitenganisha vitu. Msikiti peke yake, kisima peke yake, nyumba peke yake. Nilikata samaki kwa magamba badala ya kumkata kwa vipande.

Wala wazo hili si geni. Johann Remmelin, daktari wa Ujerumani, alitoa kitabu cha mwili wa binadamu mwaka 1619 ambacho picha zake zilikuwa na vipande vya karatasi vya kufunua: unainua ngozi unaona misuli, unainua tena unaona viungo vya ndani. Na hata PowerPoint ilipotoka mwaka 1987, kazi yake kubwa ilikuwa kukusaidia kuchapisha karatasi za plastiki za kuweka juu ya projekta ya taa. Mwalimu wa wakati ule akitaka matabaka, alichapa kila tabaka kwenye plastiki yake na kuilaza juu ya nyenzake. Plastiki ilikuwa na gharama, na kila unapoongeza moja mwanga unapungua kidogo, kwa hivyo hakuna aliyelaza 31. Umaskini wa kifaa ulimfanya afikirie. Sisi tumepewa vya bure, tukaacha kufikiria.

Utafiti nao uko. Mwaka 2001 Richard Mayer na Paul Chandler walichukua maelezo mafupi ya jinsi radi inavyotokea, yenye picha na sauti, wakayakata vipande 16. Waliokwenda kipande kwa kipande, wakibonyeza wenyewe wakiwa tayari, walitatua maswali mapya vizuri kuliko waliotazama yote yakipita bila kusimama. Tazama hapo: vilikuwa vipande vya maana, kila kimoja hatua moja ya jinsi radi inavyozaliwa, na havikudunda wala kuzunguka. Kilichosaidia ni pale mtu aliposimama akameza.

Basi nikarudi mezani na swali moja kwa kila tabaka: mtu akiliona hili, atajua jambo gani ambalo sekunde moja nyuma hakulijua? Kama sina jibu la sentensi moja, tabaka hilo halistahili kubonyezwa. Kutoka 31 nikabaki na manne.

Slaidi inafunguka na msingi tu, na msingi hauna animesheni yoyote: upande wa kaskazini, kipimo cha umbali, mshale mdogo wa kuelekea Malindi na mwingine wa Mida. Vyote kwa kijivu hafifu. Watu wajue kwanza wamesimama wapi, na kwamba huu si mji wa ufukweni, umekaa ndani kidogo ya nchi kavu.

Nikibonyeza mara ya kwanza linatokea kaburi moja tu. Kaburi lile limechongwa mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399. Mchoro wote mkubwa, nukta moja. Hapo hukaa dakika nzima, kwa sababu tarehe hii imeandikwa na mwenyeji kwenye jiwe, haikukisiwa na mtu kutokana na vigae. Ni kigingi, mengine yote yanafungwa hapo.

Mara ya pili inakuja karne ya 15 yote kwa pamoja: ukuta wa nje, msikiti mkuu, jumba, nyumba za mawe. Mtu ataniuliza, si ni vitu vingi mno kwa mara moja? Hapana, kwa sababu ni wazo moja: mji ukiwa mkubwa. Msikiti na jumba havishindani hapo, vinasema jambo moja. Ningevitenga, ningemfanya mtazamaji adhani kuna hadithi katikati yake.

Mara ya tatu unaingia ukuta wa ndani, kwa rangi nyekundu iliyokolea. Peke yake. Hapo ndipo ile shabaha inapovunjika, kwa sababu mtu ameshakaa na ukuta wa nje, ameuzoea, ndipo anaona mwingine ukizaliwa ndani yake. Safari ya pili nilipowapa karatasi, swali walilouliza lenyewe lilikuwa, "Kwa nini walijenga mwingine mdogo?" Hilo ni swali la historia. Safari ya kwanza sikupata hata moja.

Mara ya nne ni kuhamwa kwa mji, mwanzoni mwa karne ya 17. Na hapa nilikosea tena kabla ya kupatia. Nilikuwa na mishale mitatu: kuja kwa Waoromo kutoka kaskazini, maji ya visima kushuka, na Wareno kuhamishia nguvu zao Mombasa walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, Malindi ikabaki imepoa. Niliileta mmoja mmoja, Waoromo wakiwa wa kwanza. Nikamwuliza binamu yangu, aliyekuwa amekaa nyuma, Gede iliisha vipi. "Si umesema ni vita." Sikusema ni vita. Ila mshale wa kwanza ulikuja peke yake kwenye skrini tupu, na miwili ikaja baadaye kama nyongeza. Mpangilio wa kutokea unasomwa kama mpangilio wa uzito. Sasa mishale mitatu inatokea kwa mpigo mmoja, yenye unene sawa, kwa sababu wataalamu wenyewe wanaitaja pamoja na sina haki ya kuipa mmoja usukani.

Kuhusu ufundi, nitasema machache. Kwenye PowerPoint weka vitu vya tabaka moja kwenye kundi moja, lipe jina kwenye `Selection Pane` ili usipotee, halafu tumia `Appear` kwa `On Click`, basi. Ukitaka ulaini, `Fade` fupi. Chochote kinachosafiri kwenye skrini kinamwambia mtazamaji kwamba kitu kile kilisafiri, na ukuta wa Gede haukuja ukiruka kutoka Watamu.

Lakini mimi siku hizi situmii animesheni kabisa kwa mchoro kama huu. Natengeneza mchoro uliokamilika kwanza, naunakili mzima, nafuta tabaka la mwisho kwenye nakala, naiweka kabla yake. Naunakili tena, nafuta linalofuata. Narudi hivyo hivyo mpaka nibaki na msingi. Slaidi tano. Ukibadilisha kutoka moja kwenda nyingine, jicho linaona kitu kimoja tu kimeongezeka, kwa sababu vingine havijasogea hata unywele. Ndiyo sababu ya kuanza na uliokamilika na kurudi nyuma: ukianza na mtupu ukiongeza, utajikuta umesogeza kitu, na mji wote utaruka kidogo kila ukibonyeza.

Faida yake unaiona mambo yakiharibika. Projekta ikikataa, ukituma PDF kwenye kundi la simu, ile slaidi moja yenye animesheni inatoka ukurasa mmoja na matabaka yote yamelaliana, yaani umerudi kwenye shabaha ile ile. Nakala tano zinatoka kurasa tano, na mtu anasogeza kwa kidole nyumbani kwake. Na mtu akisema "rudi pale", unarudi kwa kitufe kimoja.

Basi nikadhani nimemaliza. Nikaionyesha tena, safari hii wazazi walikuwepo. Tulipofika mara ya tatu, ukuta wa ndani umetokea, mama mmoja wa makamo aliyekuwa amesimama mlangoni akainua mkono.

"Mwanangu, hizo nyumba ulizochora zote ni za mawe?"

"Ndiyo, mama."

"Na wa nyumba za udongo walikaa wapi?"

Watu wakacheka, kisha wakanyamaza, manake nusu ya tuliokuwa mle tumelala nyumba za udongo na fito, na wengine tunalala mpaka leo. Nikatazama slaidi. Kati ya ukuta wa ndani na ukuta wa nje nilikuwa nimeacha peupe. Na si peupe tu: ukuta mwekundu ulipotokea, nilikuwa nimeufanya ukuta wa nje na kila kilichokuwa nje ya ule mwekundu kififie kuwa kijivu. Sikumwambia mtu yeyote kwa mdomo kwamba watu walihama wakajibana ndani. Rangi ilisema badala yangu.

Na hilo ni dai, tena linalobishaniwa. Wapo wanaosema mji ulipungua ukajizungushia ukuta mdogo kwa usalama. Wapo wanaoziona kuta kama mpaka wa tabaka za watu: wenye mawe na mali ndani, na wengi wenye udongo na makuti nje yao, ila ndani ya ukuta wa nje. Watafiti waliokuja baada ya Kirkman wamechimba hata huko kwenye nyumba za udongo, kwa sababu udongo ukianguka hauachi magofu ya kupigwa picha na watalii. Mama yule hakuwa amesoma hata mmoja wao. Aliona tu kwamba watu kama yeye wamefifishwa kwa kitufe.

Kwa hivyo mchoro wangu sasa una mabadiliko mawili. Kwenye tabaka la karne ya 15, kati ya nyumba za mawe na ukuta wa nje, kuna vidoti vya rangi ya udongo, bila mipaka mikali, vyenye alama ya kuuliza juu yake. Havina slaidi yao, vinakuja na mji, kwa sababu walikuwa mji. Na ukuta wa ndani unapotokea, sifichi wala sififishi kitu. Mstari mwekundu unaongezeka, mengine yanabaki na rangi zake, kisha nasema kwa mdomo maelezo yote mawili na kuwaacha wabishane.

Ndio msimamo wangu, mkitaka kubishana njooni. Tatizo la kubonyeza mara 31 si kwamba kunachosha, ingawa kunachosha. Tatizo ni kwamba kila ukibonyeza unasema "hiki kilikuja kabla ya kile" au "hiki kimekwisha", na mimi nilisema hivyo mara 31 wakati ushahidi nilionao unatosha mara nne, tena kwa ile ya tatu nilikuwa nimechomekea neno la kwangu. Mwaka 2024 Gede iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, kwa hivyo slaidi za Gede zitazidi kuwa nyingi. Ukitengeneza ya kwako, kabla hujaongeza tabaka jiulize ni nani aliyekuambia linakuja hapo. Na kabla hujafifisha kitu, mfikirie mama aliyesimama mlangoni.